Baba yangu, Mlkuroro wa Malindi

Nyumba yetu iko Maweni, Malindi, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati. Marehemu baba aliijenga kwa pesa za bahari, na alipochoka na vyombo akaniachia mimi kazi ya kukusanya kodi. Ndivyo nilivyoingia katika mambo ya Wasamburu, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, mimi mtu wa pwani ambaye mji wao wa Maralal nilikuwa siujui hata kwenye ramani.

Wakati huo Malindi tukiwaita wote Masai. Kijana akivaa shuka nyekundu, akiwa na shanga shingoni na rungu mkononi, basi ni Masai na hoja imekwisha. Walikuja kuuza shanga ufukweni, kucheza ngoma mahotelini jioni na kulinda majumba ya Wataliano. Waliopanga kwangu, vyumba vitatu, wanne kila chumba, walikuwa Wasamburu kutoka Maralal na Wamba. Kodi ilikuwa shilingi 1,500 kwa chumba. Walilipa vizuri, hawakupiga kelele, wala hawakuleta wanawake ndani. Mwenye nyumba anataka nini tena?

Ugomvi wa kwanza uliletwa na pilau. Siku ya Idd mke wangu alipika kama anavyojua yeye, akapakua sinia mbili, akazipeleka mwenyewe hadi mlangoni kwao. Wakashukuru kwa adabu zote, wakatazamana, na hakuna aliyenyoosha mkono. Jioni sinia zikarudi kama zilivyokwenda, nyama ikiwa juu na zabibu juu ya nyama. Mke wangu alinuna siku mbili. Kwetu kurudisha chakula cha Idd ni sawa na kumpiga mtu kofi.

Aliyetutoa gizani ni mlinzi wa nyumba ya jirani, naye Msamburu, lakini mtu mzima kidogo kuliko wapangaji wangu. Alikuja kwenye baraza letu akaeleza kwamba morani hali nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa. Mwiko huo wanauita lminong. Kijana akishatahiriwa, katika sherehe ya kwanza inayofuata, humwahidi mama yake kwamba hatakula tena nyama mbele ya macho yake, na kuanzia hapo nyama yake ni ya porini, yeye na wenziwe. Maziwa nayo hayanywi peke yake, lazima awepo morani mwenzake. Nilipoambiwa hivyo ndipo nikaelewa jambo nililokuwa naliona dukani kila asubuhi nikidhani ni uzembe. Kijana ananunua pakiti ya maziwa ya nusu lita, kisha anasimama nayo mlangoni robo saa nzima bila kuifungua, akitazama barabara. Kumbe anamngoja mwenzake.

Idd iliyofuata baba akamtuma mtu buchani, mguu wa mbuzi ukapelekwa moja kwa moja kwenye kiwanja nyuma ya nyumba bila kupita jikoni. Wakachoma wenyewe. Mke wangu akapelekewa salamu za shukrani nyingi kuliko ambazo angepata kwa pilau, ingawa mpaka leo anasema hawajui walichokosa.

Sasa lile la maziwa lilinifanya nianze kuuliza. Sisi nasi tuna hirimu. Wale niliosoma nao chuo kwa maalim mmoja, tukacheza pamoja, tukaoa miaka ya karibukaribu, ndio wanaochimba kaburi kwetu kukifiwa, na ndio wanaonidai karamu nikifanikiwa. Jirani zetu Wagiriama nao wana neno rika, na wazee wao husimulia kwamba zamani marika ndiyo yaliyopanda ngazi mpaka kufikia kambi, baraza la wazee wa kaya. Kwa hiyo nilipomsikia mlinzi akisema “hawa wote ni rika moja”, nilidhani nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Hirimu yetu ni urafiki wenye wajibu. Yao ni daraja lenye jina, lina mlango wa kuingilia na siku ya kufungwa, na kuna watu maalumu wanaolisimamia.

Siku moja alinichorea mchangani, kwa ncha ya fimbo, mistari minne iliyolala sambamba, mmoja chini ya mwingine. Wa juu akauita Lkishili, wa pili Lkuroro, wa tatu Lmooli, na wa chini kabisa Lkishami. Kila mstari ni rika, yaani wanaume wote wa Kisamburu waliotahiriwa katika kipindi kimoja, wa kila ukoo na kila kijiji. Miaka niliijaza mimi baadaye. Lkishili walifunguliwa 1960, Lkuroro 1976, Lmooli 1990 na Lkishami 2005. Ukitoa hesabu utaona kati ya rika na rika ni miaka kumi na minne hadi kumi na sita. Kijana akitahiriwa anakuwa morani, na atakaa umorani miaka mingi hivyo, bila kuoa, mpaka rika lake lipite sherehe zake zote. Sherehe hizo, ambazo wanaziita lmugit, ni za kuchinja ng’ombe. Kuna lmugit wa mishale, kuna wa jina, kuna wa fahali, na baada ya huo wa fahali ndipo mlango wa ndoa unapofunguka. Katika lmugit wa jina huteuliwa kijana mmoja, launoni, awe kiongozi wao wa mila, na yeye ndiye anayepaswa kutangulia kuoa. Mlinzi alisema hicho si cheo cha kukimbilia. Anayeteuliwa hukamatwa.

Hapo nikaelewa pia kwa nini wanakuja pwani. Kijana wa miaka ishirini haoi, hana nyumba ya kulisha, ana miaka mingi mbele yake, na anatakiwa awe na ng’ombe siku mlango utakapofunguka. Akiuza shanga Malindi miaka kumi, anarudi na mifugo.

“Na wewe uko wapi hapa?” nikamuuliza mlinzi. Akaweka ncha ya fimbo juu ya mstari wa tatu. Yeye Lmooli. Wapangaji wangu wote ni Lkishami, wametahiriwa juzi tu.

Kisha akaniuliza mimi. Kwao mgeni wa kiume hukai hivihivi, lazima upatiwe mstari, wasipofanya hivyo hawajui wakusalimu vipi. Akauliza nilitahiriwa mwaka gani. Nikamwambia 1982, nikiwa na miaka sita, kama watoto wote wa Kiislamu wa hapa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mwaka 1982 walikuwa wanatahiriwa Lkuroro, kwa hiyo mimi kitoto cha miaka sita ningekuwa morani mmoja na wanaume wa miaka ishirini. Akaamua kuacha tohara akahesabu kuzaliwa. Mimi ni wa 1976, mwaka 1990 nilikuwa na miaka kumi na minne, basi nimo Lmooli pamoja naye. Baba yangu alizaliwa 1956, alikuwa kijana wa miaka ishirini Lkuroro walipofunguliwa, basi yeye Lkuroro. Hapo akatikisa kichwa. Kwao baba na mwana hawafuatani namna hiyo. Mwanamume anachelewa kuoa, kwa hiyo mtoto wake kwa kawaida huangukia rika la tatu chini yake au mbali zaidi. “Baba yako alikuwa na haraka,” akasema. Nilipompelekea baba maneno hayo alicheka mwezi mzima.

Nilichukulia yote hayo kama mazungumzo ya barazani. Kisha ukaja Januari 2008.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ilichafuka, na Malindi wageni walikatika kama maji ya mfereji. Mahoteli yalifunga, ngoma za jioni zikafa, na ufukweni ukawa unasikia mawimbi tu. Wapangaji wangu hawakulipa Januari, Februari, Machi wala Aprili. Vyumba vitatu, miezi minne, ni shilingi 18,000. Kwangu hizo si pesa za kusamehe, nami pia nilikuwa na watoto wa kulisha.

Nikawaendea. Kwanza kwa upole, kisha kwa sauti, mwisho nikaenda na makufuli matatu mapya mkononi nikasema ikifika Ijumaa nafunga. Walinisikiliza, wakajibu kwa maneno laini, na hawakufanya kitu. Zaidi ya hayo, walibishana nami kila senti. Mara bomba limekatika siku nne nipunguze, mara bati linavuja nipunguze tena. Nikamleta jirani mmoja, mzee wa miaka sitini na kitu mwenye sauti ya muadhini, akawakaripia kwelikweli. Walimsimamia kwa adabu, wakamwitikia kwa heshima, wakampa kiti. Alipoondoka hali ikabaki ileile.

Mlinzi aliposikia akaniambia nimekosea mistari. Akachora tena. Akasema, rika linalofuatana na lingine ni washindani. Lmooli walikuwa mamorani, wakatukuzwa na kuimbiwa, kisha Lkishami wakaja wakawanyang’anya nafasi. Mimi ni Lmooli, na Lkishami haogopi Lmooli, anamwona kaka mkubwa mwenye wivu. Kubishana nami ni kama mchezo wao. Yule jirani umri wake unamweka Lkishili. Ni mzee, anaheshimiwa kama mzee, lakini Lkishili ni walezi wa Lmooli, si wa hawa.

“Walezi?” nikauliza.

Akaniambia kila rika lina wazee wake, na wazee hao ni wa rika la pili juu, kwa kuruka moja. Siku rika linapofunguliwa, ni wao wanaopekecha moto kwa vijiti, na kwa moto ule vijana wanakuwa wao. Wanaitwa lpiroi, neno linalotokana na vijiti hivyo. Ndio wanaowafundisha nkanyit, adabu, ndio wanaowatoza faini wakikosea, na ndio wenye laana inayowapata. Baba mzazi atamwonea mwanawe huruma. Lkuroro hamwonei huruma Lkishami, wala hana sababu ya kumwonea wivu, kwa sababu kati yao kuna mstari mzima.

Nikatazama ule mchoro. Lkishami, ruka Lmooli, Lkuroro. Wa nyumbani kwangu aliyekaa kwenye mstari huo ni mmoja tu, na wakati huo alikuwa amelala uani na redio kifuani.

Baba alikataa. Alisema yeye si Msamburu, hajapekecha moto wowote isipokuwa wa jiko la mkaa, na hatamlaani mtoto wa mtu kwa ajili ya kodi, ni haramu. Mlinzi akamwambia hakuna anayemtaka alaani. “Wewe mzee ukae tu. Na usiongee haraka.”

Ilikuwa jioni baada ya Alasiri. Baba aliketi kwenye kigoda ukumbini, bakora mapajani. Mlinzi aliwaita kwa Kisamburu, sentensi moja tu, na humo nililitambua neno Lkuroro. Wakatoka vyumbani kumi na wawili. Nilikuwa nimezoea kuwaona wakiegemea milango. Mara hii walisimama upande mmoja, rungu zimewekwa chini, wametazama sakafu. Baba akakaa kimya, si kwa hila, bali kwa sababu kweli hakujua aseme nini. Kimya kile kilinitisha hata mimi.

Mwishowe akasema, “Wanangu, hii nyumba niliijenga kwa mgongo wangu. Nataka kujua mtafanyaje.”

Basi. Hakutaja shilingi, hakutaja Ijumaa.

Waliomba ruhusa wakaenda nyuma ya nyumba, wakakaa huko hadi Isha. Nilidhani watagawana deni, shilingi 1,500 kila mtu, kumi na wawili, ndiyo hesabu ilivyotoka. Mimi ningefanya hivyo. Wao hawakugawa. Kila mmoja alisema mbele ya wenziwe ana nini na anategemea nini. Saba hawakuwa na kitu kabisa. Wawili walikuwa walinzi wenye mshahara mdogo. Mmoja alikuwa na mbuzi Wamba ambao kaka yake angeweza kuwauza. M-Pesa ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili nchini, nami ndiyo mara yangu ya kwanza kuona deni la Malindi likilipwa na mnada wa mifugo wa bara. Wawili waliobaki walikuwa na akiba iliyotoka kwa wageni wa msimu uliopita. Waliokuwa nacho wakalipa chote, kwa mafungu, na katika wiki sita 18,000 zikatimia. Wale saba hawakutoa hata ndururu.

Nilimuuliza yule mwenye mbuzi kama ameandika anamdai nani kiasi gani. Alinitazama kama nimemuuliza kama anamdai mkono wake wa kushoto. Akasema atakapohitaji fahali wa lmugit atakwenda kwa yeyote kati yao na hatarudi mikono mitupu. Nikamuuliza, na mtu akikataa? Akasema, “Atanywa maziwa na nani?”

Niliyashika maneno hayo kama mzaha mpaka nilipoyaona yakitendeka.

Kati ya wale kumi na wawili kulikuwa na mmoja tuliyempa jina la Kofia, kwa sababu alipenda kuvaa kofia ya jua ya wazungu juu ya nywele zake za kimorani. Miaka michache baadaye Kofia alipata mchumba Mtaliano, akajengewa nyumba upande wa Muyeye, ya mabati mekundu na tangi la maji. Mwanzoni nyumba ile ilijaa. Mwenye rika lake anayetoka Maralal alifikia kwake, akala, akalala, akapewa nauli. Mtu wa rika moja hagongi mlango kama mgeni, anaingia kwake. Kofia alilalamika kwangu zaidi ya mara moja. Alisema kila shilingi ikiingia ina mikono ishirini, kwamba mke anauliza pesa za saruji ziko wapi, naye hawezi kumwambia zimekwenda kwa mtu aliyemwona mara mbili tu maishani ambaye wametahiriwa mwaka mmoja. Sikumwona mbaya. Mfumo huu huwashika vizuri sana wanaoanguka, lakini anayeinuka humla polepole, na hilo Wasamburu wenyewe walikuwa wakilijua.

Muuza duka ndiye aliyegundua kwanza. Akanidokeza kwamba Kofia sasa ananunua maziwa na kuyanywa hapohapo dukani, peke yake, huku amegeukia ukuta. Nilicheka. Mlinzi nilipomweleza hakucheka. Alisema mtu anaanza na maziwa, kisha anafunga geti.

Na kweli geti likafungwa. Mmoja wa wenziwe aligongwa na bodaboda, akavunjika mguu, akatoka hospitali na plasta mpaka pajani. Chumba changu hakikuwa na nafasi ya mtu asiyeweza kujikunja. Wakampeleka kwa Kofia. Kofia akasema nyumba ni ya mke na mke hataki wageni.

Hawakumpiga, wala hawakumtukana. Siku ya tatu walikwenda kama kumi na watano, wengine wametoka Watamu, wakaketi chini uani kwake kuanzia asubuhi. Hawakuomba chai wala maji. Saa saba akawafungulia sebule, hawakuingia. Jioni akatuma mtu kununua beberu. Walipomwona beberu bado hawakunyanyuka, mmoja akasema hilo ni la tumbo, la mguu liko wapi. Mgonjwa akaingizwa ndani usiku ule, akakaa miezi miwili na nusu, na faini juu yake ikawa shilingi zilizokwenda kulipa daktari. Nyama ya beberu waliila mbali na nyumba, na Kofia akaitwa aketi nao. Yule mlinzi alinieleza kwamba hiyo ndiyo sehemu muhimu. Wasingemwita, ndipo angekuwa amepotea.

Baadaye Kofia alihamia Mtwapa, nadhani kwa kuwakimbia. Wakajua anapoishi ndani ya wiki moja.

Kuna jambo lilinisumbua tangu ile jioni ya ukumbini. Je, kweli vijana wale walimwogopa baba? Wasamburu si wajinga, walijua mzee yule ni nahodha mstaafu anayesali Ijumaa na hana moto wa mtu. Nikamuuliza yule mwenye mbuzi, miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumezoeana. Akasema laana ya kweli ni ya waliopekecha moto, na baba hakuwa nayo. Ila wao walikuwa wameshindwa kuanza. Kila mmoja alimngoja mwenziwe aseme ana kiasi gani, kwa sababu anayetangulia kusema ana pesa atalipia wote. Rika lote ni sawa, na kati ya walio sawa hakuna wa kumwamuru mwingine. Lazima mtu wa mstari wa juu awaulize, ndipo hakuna anayeonekana mjinga akijibu. Nyumbani wangekuwa nao wazee hao kila siku. Malindi walikuwa hawana, wakakopa baba yangu.

Tangu hapo nilijua namna ya kumtumia baba, na namna ya kutomtumia. Kodi ikichelewa mwezi mmoja sikumwita. Nilibishana nao mwenyewe, nikashinda mara moja moja, na nilianza hata kuifurahia ile kazi ya kuwa Lmooli. Baba alitolewa kwa mambo makubwa tu, na aliketi kimya vilevile, ingawa siku hizo alishajua kwamba kimya ndiyo kazi yenyewe. Kila mara walipotaka kwenda kwenye lmugit walikuja kumuaga. Hizo siku ufukwe wa Malindi huonekana kabisa kuwa umepungukiwa. Walinzi wanaacha malango, wachuuzi wanafunga mikeka, na mwajiri anayesema nitakufukuza anajibiwa sawa, nifukuze. Kijana asipokuwepo siku ya kuchinja, rika linampita, na hakuna kazi ya pwani inayolipa hasara hiyo. Baba aliwaombea dua kwa Kiarabu, mikono juu, wao wakaitikia kila kituo kwa neno lao, “Nkai”, ambalo ni Mungu. Imamu wetu alisikia habari hiyo akaja kuuliza. Baba akamwambia, “Mimi naomba, wao wanaitika. Wewe ungependa waseme nini?”

Jambo moja zaidi kuhusu yule mlinzi. Binti yangu mkubwa alipofika miaka kumi na saba nilianza kuwa na macho manne, maana mamorani ni vijana warembo na wanajijua. Mlinzi akaniambia yeye nisimwogope kamwe, binti wa mtu wa rika lako ni binti yako, huwezi kumposa hata ukiwa mzee na umefiwa na wake wote. “Lakini hao,” akaelekeza fimbo kwenye vyumba vya Lkishami, “hao hawajafungwa na kitu.” Nikahamisha kitanda cha binti kwenda chumba cha uani.

Baba alifariki 2017. Hirimu yake na yangu ndio waliochimba, ndio walioosha, jeneza likapita mikono hadi makaburini. Wapangaji wa zamani na wapya walisimama nje ya ukuta wa makaburi, wengine wao sasa wana wake na vitambaa vya wazee mabegani, wamekwisha kukata nywele za umorani. Hawakuingia. Walikaa mpaka watu wa mwisho wakatoka.

Vyumba nimeendelea navyo. Lkishami wameoa, wengi wamerudi kwao, na waliobaki wana familia zao mitaa mingine. Mwaka juzi walikuja vijana wapya watatu, wembamba, shanga bado zinang’aa, rika lililofunguliwa baada ya Lkishami. Nikawapa chumba kilekile cha mbele. Mwezi wa pili hawakulipa. Nikaenda na maneno yangu ya kawaida ya kubishana, nimejiandaa na habari za bomba na bati.

Walipinda mgongo kidogo waliponiona mlangoni, rungu zikawekwa chini. Mmoja akavuta kigoda cha baba kilichokuwa ukumbini, akakiweka nyuma yangu, kisha wote watatu wakasimama upande mmoja wakitazama sakafu. Nilitaka kuuliza kuna nini, mara nikaona ile mistari ya mchangani, na mstari mpya chini yake. Hawa, ruka Lkishami, Lmooli.

Nikaketi. Bakora sikuwa nayo, nikaweka funguo mapajani. Nikakaa kimya kadiri nilivyoweza, ambayo haikuwa muda mrefu kama wa baba.

“Wanangu,” nikasema, “nataka kujua mtafanyaje.”